Sentensi Mbili za Mchomeleaji

Mimi ni mtu wa mitambo ya sauti katika ofisi ya baraza la mji, na kama kuna kitu kinachonichosha duniani ni binadamu aliyepewa kipaza sauti. Mchukue mtu mwenye akili zake, mweke nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe na chupa ya maji, uone. Ataanza kuwashukuru waandaaji, kisha awashukuru waliowashukuru waandaaji, kisha aseme hatakuwa na maneno mengi. Hapo ndipo mimi hukaa vizuri kwenye kiti, maana najua leo tutakula chakula cha mchana jioni.

Kazi yangu ilikuwa kuwarekodi. Kazi ya kuwasikiliza ilikuwa ya Bi Kamua.

Jina hilo tulimpa sisi wa ofisini na mwenyewe alilikubali bila kinyongo. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, ameajiriwa pale tangu mimi niko shule. Kila baraza lilipoandaa mjadala wa wazi, jopo la watu wanne au watano walikaa ukumbini wakabishana mbele ya wananchi, nami nikarekodi. Wajumbe wa baraza, ambao ndio wanaopiga kura, hawakuwa na muda wa kukaa kusikiliza saa mbili tatu za watu kukohoa. Kwa hiyo rekodi ililetwa kwa Bi Kamua. Yeye aliikamua mpaka ikabaki karatasi moja: kila mwanajopo, hoja yake kuu, kwa sentensi moja au mbili. Basi. Hakuna sifa, hakuna “alizungumza kwa hisia kali”, hakuna kumtanguliza mwenye cheo. Aliyesema kwanza aliandikwa kwanza.

Watu walidhani ni kazi nyepesi. Waliwahi kumletea kijana mwenye digrii amsaidie, akaandika kwamba mwanajopo mmoja anataka soko lihamishwe. Bi Kamua akamwita, akamwekea rekodi. Yule mwanajopo alikuwa ameeleza vizuri kabisa, kwa dakika nyingi, kwa nini wengine wanataka soko lihamishwe. Halafu akasema “lakini”, akaanza kuzibomoa sababu zao moja baada ya nyingine.

“Umemvisha mtu shati la mpinzani wake,” Bi Kamua alimwambia. “Sasa atatembeaje mjini?”

Alikuwa na misemo yake ya kazi, nami kwa kuwa meza yangu ilitazamana na yake niliishika yote bila kutaka. Usihesabu dakika. Mtu anaweza kusimulia safari yake ya masomo nusu saa, na hoja yake ikakaa ndani ya pumzi moja. Jiulize: ukimnyang'anya kila alichosema, kitu gani atakigombania mpaka shati lichanike? Hicho ndicho. Mtu akianza mjadala upande huu akamaliza upande ule, andika alikofika, na useme alitokea wapi. Na usichukue kamwe maneno ya mwongoza mjadala. “Mwongozaji kazi yake kupakua,” alisema. “Si yeye aliyepika. Usimuulize chumvi.” Akimaliza karatasi alikuwa anaisoma kwa sauti ya chini, akijifanya yeye ndiye mwanajopo, kisha anajiuliza kama mwenyewe angesema: ndiyo, haya ndiyo yangu.

Niliudhika naye mara nyingi. Alinifanya nirudishe rekodi nyuma kwa neno moja. “Waya,” aliniita hivyo, Waya, mtu mzima na ndevu zangu, “hebu nirudishie hapo anapovuta pumzi.” Lakini karatasi zake hazikuwahi kulalamikiwa na mtu hata mmoja. Katika mji ambao watu hulalamikia hata mvua ya kheri, hilo si jambo dogo.

Kisha alifiwa na bintiye.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, ameolewa mji mwingine. Alifia uzazi, yeye na kichanga chake, na Bi Kamua alipata habari akiwa pale pale mezani, hedifoni zikiwa masikioni, simu ikitetemeka juu ya karatasi. Tulichanga rambirambi, tukaenda kuzika, tukarudi. Naye baada ya muda alirudi. Akavaa miwani, akaomba rekodi zilizolala. Sisi tunaofanya kazi pamoja tuna ujinga wetu mmoja: tukimwona mtu amerudi kazini tunadhani amepona. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na sisi wengine tuliujua kwa kuuliza “vipi hali” mlangoni na kupita.

Mwaka haujaisha, baraza likaitisha mjadala kuhusu kina mama wajawazito wanaofia njiani.

Nilirekodi mwenyewe. Ukumbi ulijaa. Mezani walikaa wanne: daktari mkuu wa hospitali ya mji, mkunga wa muda mrefu, mhandisi wa barabara, na mchomeleaji wa vyuma ambaye mkewe alikuwa amekufa akipelekwa hospitali kutoka zahanati ya mtaa wao. Huyo wa mwisho alichaguliwa na wenzake wa mtaani. Alikuja na shati lililopigwa pasi vizuri, mikono ina madoa ya kuungua, na alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mwongozaji alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti nzuri sana, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Kesho yake nilimpa Bi Kamua rekodi. Sikumwambia mada. Nilidhani ameiona kwenye ratiba, na kusema kweli niliogopa kumtazama nikimtajia.

Alianza vizuri. Nilimwona akiandika, akifuta, akiandika. Daktari mkuu alikuwa na takwimu nyingi kama kawaida ya madaktari, lakini Bi Kamua alimkamua sawasawa: mama mwenye dalili za hatari apelekwe hospitali kabla uchungu haujaanza, si baada ya zahanati kushindwa. Mkunga alilaumu watu wengi, akabaki na hili: wakunga wanachelewa kuita msaada kwa sababu wanaogopa kukaripiwa na hospitali, kwa hiyo wapewe mamlaka ya kuamua wenyewe. Zamu ya mchomeleaji ikafika.

Najua ilifika kwa sababu nilimsikia. Hedifoni za Bi Kamua zilikuwa za zamani, zinavujisha sauti, na mimi nilikuwa natengeneza waya mezani kwangu. Nilisikia kwa mbali sauti ya mtu asiyezoea kipaza sauti ikisema, “Mke wangu alianza uchungu jioni, wakati wa kufunga duka.” Bi Kamua akaweka kalamu chini. Akasikiliza kidogo. Kisha akazivua zile hedifoni, akaziweka mezani zikiwa zimeangalia juu, akakaa akitazama dirisha. Rekodi ikaendelea kuzungumza peke yake.

Alikaa hivyo muda mrefu. Aliposikia sauti ya mwongozaji imerudi, ile nzuri, alizivaa tena.

“Mama, umempata yule?” nilimuuliza, kwa utani kidogo, maana utani ndio ulikuwa mlango wetu.

“Nimempata,” akasema.

Akaandika. Alimaliza na mhandisi, ambaye alitaka barabara ya kwenda hospitali itengenezwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote, akaisoma karatasi kwa sauti ya chini kama kawaida yake, akanipa nipeleke kwa katibu wa baraza. Njiani niliisoma. Nafasi ya mchomeleaji iliandikwa hivi: “Mchomeleaji, aliyefiwa na mkewe njiani, alieleza msiba wake. Hoja yake ni kwamba magari ya wagonjwa hayatoshi na yaongezwe.”

Sikuona kasoro. Nilikuwepo ukumbini, lakini mimi nikiwa ukumbini nasikia sauti, sisikii maneno. Nasikia kama inapasuka, kama inapwaya. Isitoshe daktari mkuu alikuwa amedakia, “Nakubaliana na fundi, magari ni machache,” na watu wakapiga makofi. Kila mtu aliona hivyo.

Baraza lilikaa, wajumbe wakawa na ile karatasi mbele yao, na hoja zikapimwa. Barabara ilikuwa ndefu mno kutengenezwa. Mamlaka ya wakunga ilipelekwa kwenye kamati, na mambo yakipelekwa kwenye kamati tunajua yamekwenda kupumzika. Magari, hayo yalieleweka. Gari linaonekana, linapigwa picha, linafungwa utepe. Wakapitisha magari mawili mapya ya wagonjwa, na mjumbe mmoja akasimama na kusema wanafanya hivyo kwa heshima ya yule fundi aliyempoteza mkewe. Tangazo likasomwa redioni.

Siku chache baadaye mchomeleaji akaja ofisini kwetu.

Alisimama mlangoni mpaka nikamkaribisha mara mbili. Safari hii alikuwa na nguo za kazi. Aliuliza nani anaandika yale yanayopelekwa kwa wajumbe, na Bi Kamua akasema, “Ni mimi. Karibu baba, keti.”

“Sikuja kugombana, mama,” alisema akikaa. “Nimesikia redioni wananunua magari kwa ajili yangu. Nimekuja kuuliza, niliomba magari wapi?”

Bi Kamua alitafuta nakala ya karatasi, akamsomea sehemu yake. Yule bwana alisikiliza kwa makini, akitazama sakafu.

“Hayo si yangu,” akasema.

Nimefanya kazi na yule mama miaka mingi, na sijapata kuona uso wake ukibadilika namna ile. Hakujitetea. Angeweza, alikuwa na daktari mkuu, alikuwa na mwongozaji, alikuwa na makofi ya ukumbi mzima. Aligeuka tu kwangu, akasema, “Waya, tuwekee. Kwenye spika. Tangu anapoanza.”

Tukasikiliza watatu, mlango umefungwa. Sitaisimulia hadithi yote ya mtu, ni yake. Mkewe alishikwa na uchungu, wakafika zahanati, damu ikaanza kumtoka, muuguzi akasema apelekwe hospitali sasa hivi. Na gari la wagonjwa lilikuwepo. Hapo ndipo penyewe. Lilikuwa limeegeshwa chini ya paa, safi, lina mafuta, ufunguo umetundikwa ukutani ofisini. Dereva alikuwa mmoja, wa mchana, na kazi yake ikiisha jioni anakwenda nyumbani kwake ng'ambo ya mji. Mlinzi hajui kuendesha. Muuguzi hajui. Mchomeleaji hajui. Walipiga simu, haikupokelewa. Wakamweka mama kwenye mkokoteni wa mzigo, wakapita naye mbele ya lile gari.

“Nililigusa,” ilisema sauti yake kwenye spika. “Nilipita nikaligusa bodi. Mimi nafanya kazi ya vyuma, najua gari zima nikiliona. Lile lilikuwa zima.”

Kisha tukasikia mara tatu, kwa namna tatu, kitu kilekile. Gari lilikuwepo, mtu hakuwepo. Mlete mtu wa usiku. Hata mkileta magari kumi, usiku yatalala kumi. Mwenyewe hakuisema kama hoja, aliichanganya ndani ya kilio chake kama mtu anayeficha pesa kwenye gunia la mkaa. Lakini ilikuwa hoja, tena imenyooka kuliko zote za meza ile. Halafu ikaja ile sauti nzuri: “Ahsante sana, bwana fundi, pole sana. Kwa ufupi unatuambia kwamba magari ya wagonjwa hayatoshi.” Na chini yake, kwa mbali, kipaza sauti kikiwa kinaondolewa, mchomeleaji akisema, “Hapana, mimi nasema...” Mwongozaji alikuwa tayari amemgeukia mhandisi.

Nilizima.

“Baba,” Bi Kamua akasema, “hayo maneno ya magari ni ya mwongozaji. Nimeyachukua kwake. Wewe sikukusikiliza. Ulipoanza kusema nilizivua hizi.” Akagusa hedifoni.

Nilitamani angeficha. Nilitamani aseme rekodi ilikuwa mbovu, anitupie mimi, ningekubali.

“Kwa nini?” akauliza yule bwana. Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu.

“Binti yangu amekufa kwa uzazi. Sikuweza.”

Mchomeleaji akamtazama usoni. “Basi wewe ndiye ungenielewa kuliko wote,” akasema.

Hilo lilimkata. Niliona. Angetukanwa ingekuwa afadhali.

Bi Kamua aliandika palepale, mbele yake, bila kufuta: “Mchomeleaji anasema mkewe hakufa kwa kukosa gari la wagonjwa, kwa kuwa lilikuwepo zahanati, bali kwa kukosa dereva wa usiku. Anataka dereva wa usiku aajiriwe katika kila zahanati yenye gari kabla ya kununua gari jingine.” Akamsomea. Akamuuliza kama ni yake. Mchomeleaji akatikisa kichwa kukubali, akasema aongeze kwamba gari lilikuwa zima. Akaongeza neno “zima”.

Tulikwenda kwa katibu wa baraza pamoja, Bi Kamua na mimi. Katibu si mtu mbaya, ni mtu wa utaratibu, na mimi siku hizi naona hao wawili mara nyingi wanafanana. Aliisoma karatasi mpya akiwa amesimama.

“Bi mkubwa, umekosea wewe?” aliuliza kwa mshangao wa kweli. “Kwa miaka yote hii?”

“Nimekosea. Nataka wajumbe wapewe hii leo.”

“Leo! Kikao kimekwisha, wamepitisha, magari yameagizwa. Sasa niwaandikie nini, kwamba walichompa mtu kwa heshima yake sicho alichoomba? Tutachekwa. Nitaiweka kwenye makabrasha ya kikao kijacho. Wataisoma kwa nafasi.”

“Na katikati hapo?”

“Katikati hapo kuna magari mapya mawili, mama. Kwani magari ni mabaya?”

Bi Kamua alimweleza tena, polepole, kama anamweleza mtoto kwa nini asishike moto. Dereva mmoja, wa mchana, kila zahanati. Usiku magari yanalala. Katibu alisikiliza, akakubali kwamba ni jambo zito, akaiweka karatasi kwenye faili. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini ofisini kwetu hata ndoo hawaiinui mpaka kikao kijacho.

Bi Kamua hakuishia hapo. Kwa wiki zilizofuata alikuwa akiwafuata wajumbe mmojammoja, mtu aliyekuwa hajawahi kutoka mezani kwake kumfuata mtu. Mmoja alimwambia ataliangalia. Mmoja alimwambia, si ninyi wenyewe mlioandika magari? Mmoja, aliyekuwa amesimama kutoa ile hotuba ya heshima, alimwambia kwa ukali kwamba hawezi kubadilisha kauli kwa sababu karani mmoja alikuwa na huzuni. Alirudi akanisimulia bila machozi. Nilitaka kwenda kumtoa yule mjumbe kwenye suti yake. “Kaa chini, Waya,” akaniambia. “Alichosema ni kweli, isipokuwa ile sauti.”

Magari yakaja. Yalikuwa meupe, yana ving'ora, yakapita mitaani yakilia watoto wakiyakimbiza. Niliitwa kuweka vipaza sauti kwenye sherehe. Mchomeleaji alialikwa akate utepe, hakutokea. Mwongozaji yule mstaafu alisherehesha, na sauti yake ilikuwa nzuri kama siku zote.

Moja likapelekwa zahanati ileile ya mtaa wake. Likaegeshwa ubavuni mwa lile la zamani.

Aliyefuata alikuwa msichana muuza mboga, mimba ya kwanza. Habari tuliletewa na yule mkunga wa jopo, aliyekuja ofisini asubuhi na viatu vyenye matope, akakaa kwenye kiti changu bila kuomba. Alisema usiku walimtoa pale kwa bodaboda, katikati ya dereva na dada yake, na hakufika. Alisema mlinzi wa zahanati alikuwa analia kama mtoto, kwa sababu funguo zilikuwa mbili ukutani.

Bi Kamua alivaa viatu vyake vya kutokea, akafunga droo, akaenda msibani. Hakumjua yeyote kule. Alikaa mkekani na wanawake wengine mpaka mazishi, na alipoulizwa yeye ni nani kwa marehemu, walinisimulia baadaye kwamba alisema, “Nilikuwa na kazi ya kumsaidia.” Wakadhani ni muuguzi.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka, na hiyo haraka ndiyo inayonikera mpaka leo. Mwili wa pili ukawa kwenye magazeti, na baraza likaitwa kwa dharura. Katibu akaitoa ile karatasi kwenye faili, ikasomwa mbele ya wote, sentensi mbili, wakazielewa kabla hajafika nukta ya mwisho. Madereva wa usiku wakaajiriwa kabla mwezi haujaisha. Kazi ambayo haikuwezekana kwa utaratibu ikawezekana kwa jeneza. Katibu alikuja mwenyewe mezani kwetu, akamwambia Bi Kamua kwamba wajumbe wameusifu muhtasari, umekaa vizuri, una uwazi. Alimjibu “ahsante” kwa upole, akaendelea kufuta miwani.

Nilidhani ataacha kazi. Hakuacha. Alibaki, na karatasi zake zilikuwa sahihi kama mwanzo, labda kuzidi. Ila akawa hazivui tena hedifoni hata kwa kunywa chai, na rekodi yenye msiba ndani yake aliisikiliza yote, tena mara mbili, mikono yote miwili juu ya meza. Nilizoea kutoka nje wakati huo. Sikupenda kumwona.

Siku baraza lilipotoa nakala rasmi yenye muhuri, aliniomba nimsindikize kwa mchomeleaji. Alisema hataki kwenda peke yake, na alikuwa hajawahi kuniomba kitu kisichohusu rekodi. Tulimkuta karakanani kwake akiunga geti, cheche zinaruka mpaka barabarani. Alizima mashine alipotuona. Bi Kamua alimsalimu, akampa karatasi kwa mikono miwili.

Aliifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea. Akasoma taratibu, akifuata mistari kwa kidole cheusi, midomo ikicheza. Alipofika kwenye “gari zima” akatulia kidogo. Akamaliza.

“Ndiyo,” akasema. “Haya ndiyo yangu.”

Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

“Imechelewa mtu mmoja tu.”

“Najua,” akasema Bi Kamua. “Nilikwenda kumzika.”